Bima ya pikipiki binafsi haimbebi abiria: mwongozo wa kukata bima ya bodaboda Tanzania

Dai la bima ya pikipiki mara nyingi hufa kwa swali moja dogo. Mkaguzi wa madai anafungua faili, anakusalimu vizuri, anakuuliza kuhusu barabara, mvua, taa na breki. Halafu, kama mtu anayepiga soga, anauliza: "Na huyu abiria ulimtoa wapi?" Ukijibu, "Nilimchukua kituoni, alikuwa anakwenda Kongowe," anaandika. "Mlikubaliana shilingi ngapi?" Ukisema elfu mbili, kalamu inasimama hapo. Kama kavanoti yako, ile hati ya bima uliyopewa pamoja na stika, imeandikwa matumizi binafsi, elfu mbili ile ndiyo imeshakunyima fidia ya mamilioni.

Nimekuwa wakala wa bima Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, na wateja wangu wengi ni watu wa pikipiki. Wanaoumia zaidi si wale wasiokuwa na bima kabisa. Hao wanajua wanatembea uchi. Wanaoumia ni wale wenye stika halali, waliolipa kwa hela yao, ila walikatiwa bima isiyo yao. Mwongozo huu ni kwa ajili yao: kwa nini bima ya binafsi inakosa nguvu ukibeba abiria wa kulipa, na namna ya kuhamia bima ya biashara hatua kwa hatua.

Stika mbili, ahadi mbili

Watu wengi wanadhani bima inakatiwa pikipiki. Ukweli ni kwamba inakatiwa kazi ya pikipiki. Kampuni inapopanga ada haiulizi tu ni TVS au Boxer na ina ukubwa gani wa injini. Inauliza itakuwa barabarani kwa saa ngapi, itaendeshwa na nani, na nyuma atakaa nani. Pikipiki ya mwalimu anayetoka nyumbani kwenda shule na kurudi hutembea labda kilometa ishirini kwa siku. Ya kijiweni inaamka alfajiri, inalala usiku wa manane, inabeba watu wasiojuana na dereva, na kila safari dereva anakimbizana na hesabu ya bosi. Hatari hizo hazilingani, na ada haziwezi kulingana.

Kwa hiyo ndani ya kila bima kuna kipengele cha matumizi. Kwenye bima ya binafsi kinasema, kwa maneno yanayokaribiana kampuni hadi kampuni, kwamba chombo kitatumika kwa shughuli za nyumbani, matembezi na shughuli za mwenye bima mwenyewe. Kisha kinaorodhesha yasiyoruhusiwa, na la kwanza karibu kila mara ni kubeba watu kwa kukodiwa au kwa malipo. Mengine ni mashindano ya mbio na majaribio ya mwendo. Kipengele hiki kiko kwenye kitabu cha masharti ambacho wateja wengi hawajawahi kukiona, kwa sababu wakala aliwapa stika na kavanoti tu wakaondoka.

Neno "malipo" hapa lina upana kuliko watu wanavyodhani. Si lazima uwe na fulana ya kijiwe. Si lazima uwe unafanya kila siku. Mfanyakazi wa ofisini anayepakia abiria wawili jioni akirudi nyumbani "kupata hela ya mafuta" amebeba kwa malipo. Anayewasha programu ya simu ya kuita usafiri siku za Jumamosi tu, naye ni hivyo hivyo. Kumpa lifti jirani bila kumdai kitu ni jambo jingine, hilo bado ni matumizi binafsi. Ila ukishakubaliana nauli, umevuka mstari.

Kuna jambo la kisheria ambalo hata baadhi ya mawakala hawalijui. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, ndiyo inayolazimisha kila chombo cha moto barabarani kiwe na bima ya mtu wa tatu. Lakini sheria hiyo haimlazimishi mwenye chombo cha binafsi kumkatia bima aliyempakia. Ulazima wa kumkatia abiria bima unakuja pale abiria wanapochukuliwa kwa kukodi au malipo, au wanapobebwa kwa sababu ya mkataba wa ajira. Maana yake ni kwamba ukikata bima ndogo ya binafsi, yaani ya mtu wa tatu tu, mtu wa nyuma yako anaweza kuwa nje ya bima tangu mwanzo. Ukikata ya biashara ya abiria, yeye ndiye mtu wa kwanza ambaye bima hiyo imewekwa kwa ajili yake.

Kukataliwa kwa namna mbili

Watu husema bima "imekufa" ukibeba abiria. Kuna vifo viwili tofauti hapo, na ni vizuri kuvijua kwa sababu kimoja ni kibaya kuliko kingine.

Cha kwanza ni bima kulala. Ulikata ya binafsi kwa ukweli kabisa, ukiwa na nia ya kuitumia kwenda kazini. Miezi mitano baadaye maisha yakabana, ukaanza kupakia. Mkataba wako upo, lakini kila unapobeba abiria wa kulipa unatoka nje ya ahadi ya kampuni. Ajali ikitokea abiria yuko nyuma, kampuni inasema safari hii hatukuikatia bima. Ajali ikitokea kesho yake ukiwa peke yako unakwenda msikitini au kanisani, bado una pa kusimama na kudai.

Cha pili ni bima kuvunjwa tangu siku ya kwanza. Hapa ulijua kwamba pikipiki inakwenda kijiweni, ila kwenye fomu ya maombi ukaweka alama kwenye "binafsi" ili ulipe kidogo. Bima husimama juu ya ukweli mtupu: unayeomba unatakiwa kusema kila jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni au ada yake, hata kama halikuulizwa. Ukificha matumizi, kampuni ina haki ya kuutengua mkataba wote. Hapo hata pikipiki ikiibwa uani ikiwa imefungwa mnyororo, bila abiria wala safari, dai linaweza kukataliwa.

Mtu wa tatu aliyegongwa ana ulinzi kidogo. Zipo hali ambapo sheria inailazimisha kampuni kulipa hukumu ya mahakama hata kama mwenye bima alikosea masharti fulani. Lakini kampuni ikilipa kwa njia hiyo, ina haki ya kumgeukia mwenye bima imdai ilicholipa. Pia ulinzi huo unahusu deni ambalo mkataba wenyewe ulilibeba. Safari ya abiria wa kulipa kwenye bima ya binafsi haikuwemo kwenye mkataba, kwa hiyo usitegemee mlango huo.

Ajali moja, hesabu tatu

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi ya ulinzi Mbagala, ana pikipiki ya injini ndogo yenye kibao cha njano na bima ndogo ya binafsi. Jioni anapakia kutoka Rangi Tatu. Usiku mmoja anampakia mama mmoja kwenda Kongowe kwa shilingi 2,000. Bajaji iliyo mbele inasimama ghafla kushusha mtu. Anaikwepa, anaigonga kwa ubavu, anamkumba mwenda kwa miguu, wote wanaanguka.

Mama anavunjika mguu, matibabu na kupoteza kipato vinafika shilingi 2,400,000. Mwenda kwa miguu anaumia bega, shilingi 1,100,000. Bajaji inahitaji shilingi 650,000. Pikipiki yenyewe inahitaji shilingi 380,000, na kijana anatumia shilingi 300,000 kwa matibabu yake. Jumla ni shilingi 4,830,000. Takwimu ni za mfano, lakini ukikaa kwenye dawati la madai utaona si za ajabu.

Kwa bima aliyonayo, kampuni ina sababu ya kukataa zote. Watu wa tatu wanabaki wakimdai yeye shilingi 4,150,000, na 680,000 zake anazibeba mwenyewe.

Angekuwa na bima ndogo ya biashara ya abiria, zile 4,150,000 za mama, mwenda kwa miguu na mwenye bajaji zingekwenda mezani kwa kampuni. Haimaanishi kila shilingi italipwa, maana kampuni inapitia risiti, ripoti za daktari na ukomo ulioandikwa kwenye mkataba, hasa ukomo wa uharibifu wa mali. Lakini mzigo usingekuwa wake. Pikipiki na matibabu yake vingebaki juu yake, jumla 680,000.

Angekuwa na bima kubwa ya biashara, pikipiki nayo ingeingia, ukitoa kiasi ambacho mwenye bima hujibebea kwenye kila dai. Kikiwa shilingi 100,000, kampuni ingelipa 280,000 kwenye zile 380,000. Matibabu yake mwenyewe bado yangebaki nje, kwa sababu nitakayoieleza chini.

Na kampuni ilijuaje kwamba alibeba kwa malipo? Haikuhitaji upelelezi. Mama mwenyewe, akiwa wodini, alimweleza askari kwamba "bodaboda aliyenipakia alikuwa anakimbia." Neno hilo likaingia kwenye maelezo yake, na ripoti ya polisi ya PF 90 ikaandika pikipiki ya kubeba abiria. Mara nyingine ni muamala wa nauli kwenye simu, rekodi ya safari ya programu, au jina lako kwenye daftari la kijiwe. Nimewahi kuona faili lililokataliwa kwa picha tu ya eneo la ajali: helmeti mbili zenye namba ya kijiwe.

Hatua ya kwanza: angalia ulichonacho leo

Kabla ya kununua chochote, soma kavanoti yako. Tafuta mstari wa aina ya bima na mstari wa matumizi ya chombo. Ukiona binafsi na wewe unapakia, hata kama hujafika mwisho wa mwaka wa bima, huna haja ya kusubiri. Linganisha pia namba ya usajili, namba ya chesisi na jina na vile vilivyo kwenye kadi ya pikipiki. Herufi moja ikikosewa kwenye chesisi, unampa mkaguzi kazi ya bure dhidi yako.

Kisha hakikisha stika ni ya kweli. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ina mfumo ambao kila kavanoti halali husajiliwa humo. Ingia:

```
tiramis.tira.go.tz
```

Weka namba ya usajili wa pikipiki au namba ya stika. Ikitokea tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na jina la kampuni, ni salama. Isipotokea kitu, hata kama stika inang'aa, una karatasi tu. Fanya hivyo ukiwa bado umesimama dukani kwa wakala, kabla hujaondoka.

Mlionunua pikipiki mkononi mwa mtu, angalieni zaidi. Stika iliyobandikwa ni mkataba wa aliyekuuzia na kampuni yake. Hauhami pamoja na chombo kama tairi. Badilisha umiliki kwenye kadi, kisha kata bima kwa jina lako.

Hatua ya pili: lete karatasi zote ziseme kitu kimoja

Hapa ndipo watu huchoka, lakini ndipo kazi ilipo. Pikipiki ya biashara ina mambo matatu yanayotakiwa kukubaliana: usajili wa TRA, leseni ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na bima.

Usajili kwanza. Kibao cha njano ni cha chombo binafsi, kibao cheupe chenye maandishi meusi ni cha biashara. Kama ulisajili binafsi, unakwenda TRA kuomba kubadilisha matumizi, unalipa ada zake, unapewa kibao kipya. Wapo wanaokata bima ya biashara huku kibao bado ni cha njano. Ni afadhali kuliko kinyume chake, maana angalau kampuni imeambiwa ukweli, ila mkaguzi akiona karatasi zinagongana atauliza maswali mengi na dai lako litakaa mezani muda mrefu.

Leseni ya LATRA ni ya chombo. Pikipiki za kukodi ziliingizwa rasmi kwenye mfumo wa leseni kwa Kanuni za mwaka 2010 za pikipiki na bajaji, wakati ule zikiwa chini ya SUMATRA, na tangu 2019 kazi hiyo ni ya LATRA. Bima ya biashara iliyo hai ni moja ya vitu utakavyoulizwa.

Leseni ya udereva inafuata mtu. Daraja A1 ni la pikipiki ndogo zisizozidi injini ya 125, na A ni la zilizo kubwa kuliko hapo. Vijana wengi wana A1 halafu wanaendesha Boxer ya 150. Barabarani utamalizana na trafiki, lakini kwenye bima dereva asiye na leseni ya chombo anachoendesha ni moja ya sababu nyepesi kabisa za kukataa dai.

Hatua ya tatu: jaza fomu wewe mwenyewe

Nitakiri kitu kuhusu kazi yetu. Ipo tabia ya wakala kukujazia fomu huku unasubiri, akikuuliza majina na namba tu. Mteja analalamika bei, wakala anataka kuuza, anaweka alama kwenye "binafsi" na kusema, "Hii itakupunguzia, haina shida." Nilianza kazi nikifundishwa hivyo na mtu aliyenitangulia, na mteja wangu wa kwanza kukataliwa dai ndiye aliyenifanya niache. Alikuwa na sahihi yake chini ya fomu. Kumwambia mkaguzi kwamba alama niliiweka mimi hakukusaidia kitu, maana aliyesaini ndiye aliyesema.

Kwa hiyo kalamu ishike wewe. Kwenye matumizi andika kubeba abiria kwa malipo. Kama unabeba na vifurushi vya maduka, sema pia, kwa sababu kubeba mizigo kwa malipo ni tabaka jingine na si lazima liwe ndani ya lile la abiria. Andika wanaoendesha ni nani. Andika pikipiki inalala wapi. Kama iliwahi kupata ajali au kampuni nyingine iliwahi kukukatalia, andika.

Kama pikipiki ni ya mkataba, yaani unampelekea bosi hesabu kila siku hadi siku ya kukabidhiwa, kadi bado ina jina lake na bima itakatwa kwa jina lake. Basi yeye ndiye anayetakiwa kusaini fomu inayosema ukweli, na jina lako liwemo kama dereva. Mabosi wengi hukata bima ya binafsi kwa sababu wao wenyewe hawapakii mtu. Mwambie aangalie tena: chombo chake kikimuumiza abiria, anayefuatwa mahakamani si dereva peke yake.

Halafu lipa, na ulipe yote. Sheria ya Bima ya 2009 haina bima ya mkopo: ada isipolipwa, hakuna kinga. Ada ya mwaka huongezewa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo ukitajiwa bei uliza kama kodi imo. Dai risiti. Bima ya biashara itakuwa ghali kuliko ya binafsi, hilo halikwepeki, lakini gawanya tofauti kwa siku za kazi za mwaka. Tofauti ikiwa shilingi 30,000 na unafanya kazi siku 300, ni shilingi 100 kwa siku.

Ndani ya bima ya biashara kuna nini, na nini hakimo

Bima ndogo ya biashara, ile ya mtu wa tatu, inabeba kifo na majeraha ya watu wengine pamoja na uharibifu wa mali zao hadi ukomo ulioandikwa. Abiria wako ni mtu wa tatu. Mwenda kwa miguu ni mtu wa tatu. Wewe dereva si mtu wa tatu.

Narudia hilo kwa sababu ndilo linalowashtua vijana wengi ofisini kwangu. Bima ndogo haikulipii mguu wako uliovunjika, wala haiilipi familia yako ukifa kwa kosa lako mwenyewe. Kuna bima tofauti kwa hilo, bima ya ajali binafsi, ambayo hulipa kiasi kilichokubaliwa dereva akifa, akipata ulemavu wa kudumu, na mara nyingi gharama za matibabu hadi kiwango fulani. Baadhi ya kampuni huiunganisha na bima ya pikipiki kwa nyongeza ndogo. Uliza iliyounganishwa inamlinda dereva yeyote au aliyetajwa tu.

Swali hilo linatupeleka kwa deiwaka. Mchana unaendesha wewe, usiku unamwachia mwenzako apige kazi akupe chochote. Bima nyingi za pikipiki ama zinataja madereva kwa majina, ama zinaruhusu yeyote mwenye leseni halali na ruhusa yako. Ujue yako ni ipi. Kama ni ya majina, peleka jina la deiwaka na nakala ya leseni yake kwa wakala, upewe nyongeza ya maandishi. Maneno ya mdomo, hata kwa wakala mliyezoeana, hayamo kwenye mkataba.

Mishikaki sina haja ya kueleza ni nini. Pikipiki imeruhusiwa abiria mmoja, na bima imekatwa kwa abiria mmoja. Ukipakia wawili umevunja sheria ya barabara na sharti la bima kwa pamoja, na ukianguka, kampuni inaweza kukataa au kulipa watu wa tatu kisha ikudai. Nimeona dereva mwenye karatasi zote safi akipoteza dai kwa mwanafunzi mmoja wa ziada.

Bima kubwa huongeza pikipiki yako mwenyewe: ajali, moto na wizi. Ipo pia ya katikati, mtu wa tatu pamoja na moto na wizi, na kwa bodaboda nadhani ndiyo yenye maana zaidi, kwa sababu pikipiki za kijiweni huibwa kuliko zinavyogongwa hadi kuisha. Lakini angalia thamani unayoiandika. Pikipiki ya shilingi 3,000,000 ukiiandika 1,800,000 ili ada ishuke, umekata bima ya asilimia 60. Matengenezo yakiwa 500,000, kampuni ina haki ya kulipa asilimia 60 yake, yaani 300,000, kabla hata ya kutoa kile kiasi cha kujibebea. Ukiiandika 4,000,000 nako hupati kitu, kwa sababu ikiibwa utalipwa bei ya soko ya siku ile.

Kwa wizi, kampuni nyingi zitauliza funguo zote mbili za asili. Watu hupoteza ule wa pili wiki ya kwanza. Uweke nyumbani, si kwenye mnyororo mmoja na huu wa kila siku.

Siku ya ajali

Ukianguka, wa kwanza ni aliyeumia. Polisi hutoa fomu ya PF 3 kwa ajili ya matibabu, na usiisahau kwa sababu hospitali na kampuni wote wataiulizia. Piga picha vyombo kabla havijasogezwa, kibao cha namba cha kila kilichohusika, na barabara yenyewe. Chukua namba za simu za mashahidi wawili.

Halafu usiyamalize kijiweni. Najua ilivyo: mwenyekiti wa kijiwe anafika, mwenye bajaji ana hasira, wenzako wanachangisha, mtu anaandika karatasi kwamba "nakiri kosa na nitalipa laki sita na nusu." Karibu kila bima ina sharti kwamba usikubali kosa wala kuahidi malipo bila idhini ya kampuni. Karatasi ile ya kijiweni inaweza kuiondolea kampuni wajibu wote, na wewe ukabaki na deni uliloliandika kwa mkono wako. Mpe mwenye bajaji jina la kampuni na namba ya kavanoti, mwambie madai yake yapelekwe huko. Kumsaidia majeruhi kwenda hospitali ni ubinadamu na hakuna kampuni itakayokulaumu kwa hilo.

Iarifu kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa simu kisha kwa maandishi. Fomu ya madai ijazwe na dereva aliyekuwepo, si bosi. Ambatanisha kadi, leseni ya udereva, leseni ya LATRA, kavanoti, maelezo ya polisi, na PF 90 ikishatoka. Usianze kutengeneza pikipiki kabla mkaguzi hajaiona. Weka pembeni spea zilizovunjika. Ukiulizwa swali lile la "ulimtoa wapi", jibu kama ilivyokuwa. Kwa bima ya biashara jibu hilo haliui dai.

Ukikataliwa, dai barua yenye kutaja kipengele cha mkataba walichokitumia. Maneno ya kaunta hayatoshi. Kama unaona wamekosea, andika malalamiko kwa kampuni yenyewe kwanza, na wasipokuridhisha peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa chini ya Sheria ya Bima ya 2009 kwa ajili ya wateja wa kawaida wasio na hela ya wakili. Beba barua ya kukataliwa, kavanoti, kitabu cha masharti na nakala ya fomu ya maombi uliyosaini. Nakala hiyo ya fomu ombeni siku mnapokata bima, kwa sababu hapo kwa msuluhishi karatasi ya kwanza kufunguliwa ni hiyo, na kidole kitakwenda moja kwa moja kwenye mstari wa matumizi.